Chembe za usiku ziondoe, ngozi ya mtu uiache

Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha kwa simu hapa Goma, nilimpiga mama mmoja wa Birere anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, jioni, taa ndogo ya sola ikimulika beseni lake. Picha ilijaa chembechembe. Niliifungua ndani ya Lightroom, programu ya kuhariri picha, nikavuta kitelezi cha kupunguza chembe, `Noise Reduction`, hadi 70, nikamletea kesho yake kwa furaha. Akaitazama, akacheka: "Mwanangu, mbona umenipaka mafuta ya taa usoni?"

Alikuwa na haki. Mikunjo ya macho ilikuwa imeyeyuka, na nyusi zilifanana na mstari uliopigwa kwa brashi. Programu haijui chembe ni ipi na kinyweleo ni kipi. Yote ni vidoa vidogo vinavyobadilika haraka, kwa hiyo inavilainisha pamoja. Kumbuka pia kwamba simu yenyewe imeshailainisha picha kabla hujaigusa. Wewe unaongeza mara ya pili.

Basi anza na chembe za rangi, zile doa za kijani na zambarau zinazoonekana kwenye kivuli cha shingo na kitenge cheusi. Hizo ndizo zinazochafua uso zaidi, na kuziondoa hakuharibu ngozi, maana umbo la uso linabebwa na mwanga na giza, rangi inafuata tu. Kwa picha ya mama yule, `Color Noise Reduction` 40 ilitosha. Ukizidisha sana, rangi ya midomo huanza kufifia au kuvuja pembeni.

Chembe zilizobaki ni za mwanga na giza. Hapo nenda polepole: nilisimama kwenye `Noise Reduction` 15. Kuza picha hadi uone nyusi na nywele za pembeni ya paji, halafu vuta kidogo kidogo. Nyusi zikianza kushikana, rudi nyuma. Usitumie shavu kama kipimo, kwani shavu lililolainika hudanganya jicho kwa kuonekana zuri.

Bado chembe ziliendelea kuonekana, na hapo ndipo wengi huongeza tena. Mimi niliipunguza picha ukubwa tu: kutoka pikseli 4000 kwa 3000 hadi 2000 kwa 1500. Kila pikseli mpya ni wastani wa nne za zamani, na chembe zisizofanana huondoleana nguvu, zikabaki karibu nusu. Ngozi haikuguswa, na kwa WhatsApp ukubwa huo unatosha kabisa.

Kitu kimoja kilichonichelewesha: nilikuwa nimeinua `Shadows` sana ili beseni lote lionekane. Giza likiinuliwa, chembe zake zinainuka nalo. Nililiacha beseni lizame kidogo gizani, nikabakiza mwanga usoni na kwa sambaza za juu. Nilipomrudishia, mama alitazama kwanza samaki wake.