Vidonge viwili vya kichocho: walimzidishia?

"Binti yangu wa darasa la tatu, Buliisa, alipewa vidonge viwili vya kichocho na kimoja cha minyoo siku moja. Akaumwa tumbo, akatapika mara moja. Walimzidishia?"

Dada, sidhani. Prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho, hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kidonge ni miligramu 600. Shuleni hawapimi uzito. Mtoto husimama kwenye fimbo yenye alama. Mwenye urefu wa sentimita 125 hadi 137 hupewa viwili. Akiwa na kilo 28 alihitaji miligramu 1120, akapata 1200. Albendazoli, ile ya minyoo, ya miligramu 400 haitegemei urefu kwa umri huo, na zote mbili humezwa pamoja bila shida.

Tumbo, kichefuchefu, kizunguzungu na kichwa kuuma hutokea sana kwa wenye minyoo mingi ya kichocho, kwa sababu inakufa kwa mpigo. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Aliyemeza bila kula huteseka zaidi, ndiyo maana uji hutangulia. (Kidonge pia ni kichungu mno, asikitafune.)

Swali ni alitapika lini. Kama ni mara tu baada ya kumeza, au vidonge vilionekana, mweleze mhudumu wa afya aamue kurudia, usimpe mwenyewe. Akipata degedege, au upele na kuhema kwa shida, mpeleke hospitali mara moja. Na mtoto mwenye historia ya kifafa atajwe kabla ya kumeza.

Prazikwanteli haiui minyoo michanga ya kichocho, kwa hiyo akirudi kuoga ziwa Albert, mwakani atahitaji tena.