Ukurasa mmoja kila wiki: unavyokuwa mwongozo wa mtihani wa mwisho wa uhasibu

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, anayesoma utangulizi wa uhasibu, ameniandikia akiwa amekata tamaa. Kila wiki alijaza muhtasari wa ukurasa mmoja, na muhula ulipoisha alikuwa na kurasa 14 safi, zimepigiwa mistari kwa rula. Mtihani wa mwisho ukaleta urari wa hesabu na chini yake orodha ya marekebisho. Anasema kila rekebisho alilitambua, hata wiki lilipofundishwa aliikumbuka, lakini alishindwa kuyaunganisha. Amepata sapu.

Alinitumia picha za kurasa hizo, na tatizo linaonekana wazi. Ukurasa wa uchakavu umeandikwa kana kwamba wiki zilizotangulia hazikuwepo. Ukurasa wa kusahihisha makosa nao umesimama peke yake. Ana mihutasari 14 isiyojuana, wakati mtihani wa muhula mzima unapima hasa zile sehemu ambazo wiki moja inaigusa nyingine. Huyu kijana hakuwa mvivu hata kidogo, na ndiyo maana barua yake imeniuma. Alichokosa ni theluthi moja ya karatasi.

Chukua karatasi ya A4, upande mmoja tu. Piga mstari mlalo ukibakiza theluthi ya chini. Sehemu ya juu ni ya wiki hii. Sehemu ya chini iandike kichwa "Inagusa wapi nyuma?", na usiijaze mpaka umemaliza ya juu. Wengi huinyima nafasi sehemu hii kwa sababu ya juu inakuwa imewajaa mikononi, basi mstari upigwe kabla hujaandika neno lolote.

Sehemu ya juu iandike daftari likiwa limefungwa, siku moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho cha wiki. Tumia kalamu nyeusi, dakika kama 25, uandike unachokumbuka: kanuni, ingizo la debiti na krediti, na mfano mmoja mdogo wenye tarakimu. Ukikwama, acha nafasi uendelee. Kisha fungua daftari, sahihisha na ujaze mapengo kwa kalamu nyekundu. Usiandike jioni ileile ya kipindi, maana maneno ya mwalimu bado yanalia masikioni na utajidhania unajua.

Kufunga daftari si ukali wa bure. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma mara mbili, jingine lilisoma mara moja kisha likaandika linachokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikumbuka zaidi, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma wakabaki na 42. Anayenakili notisi kwenye ukurasa anajisikia vizuri jioni hiyo, na mtihani wake uko miezi mitatu mbele.

Wino mwekundu ndio utakaokuambia hali yako. Ukiwa kwenye tarehe na majina, si neno. Ukiwa kwenye ingizo lenyewe, yaani umekosea akaunti ipi inadebitiwa na ipi inakreditiwa, ukurasa huo bado haujawa wako. Uandike upya kutoka kichwani wiki inayofuata kabla ya kuanza mpya. Na ukiona herufi zinazidi kuwa ndogo ili vitu vienee, jua umeanza kunakili fasili. Fasili ya uchakavu haihitaji mistari minne. Kinachohitaji nafasi ni hesabu.

Sasa theluthi ya chini. Nitaeleza kwa mfano mmoja, kwa sababu hapa ndipo penye kazi.

Tuseme wiki ya 4 mlijifunza tofauti ya matumizi ya mtaji na matumizi ya uendeshaji: kununua pikipiki ni mtaji, kuitengeneza ikiharibika ni uendeshaji. Wiki ya 6 mkajifunza uchakavu. Wiki ya 10 mkajifunza kusahihisha makosa. Ukurasa wa wiki ya 6, sehemu ya juu, unasema: pikipiki ya shilingi 3,000,000, uchakavu wa asilimia 20 ya bei ya kununulia, gharama ya mwaka ni 600,000. Sehemu ya chini ujiulize: hii 3,000,000 nimeitoa wapi? Imetoka kwenye akaunti ya mali, na kilichoingia humo kiliamuliwa na kanuni ya wiki ya 4. Andika: "Wiki ya 4: kitu cha uendeshaji kikiingia kwenye mali, uchakavu wangu nao unakosewa." Mstari mmoja tu, lakini umejenga daraja.

Ikifika wiki ya 10, daraja hilo linaanza kulipa. Swali linasema matengenezo ya pikipiki ya shilingi 200,000 yaliingizwa kimakosa kwenye akaunti ya pikipiki, na uchakavu umeshakokotolewa. Urari utalingana, kwa sababu debiti ipo na krediti ipo. Debiti tu imekaa kwenye akaunti isiyo yake. Mwenye ukurasa wa wiki ya 10 peke yake atadebiti Matengenezo 200,000, atakrediti Pikipiki 200,000, ataandika kwamba faida inapungua kwa 200,000, na ataondoka akiwa na uhakika kabisa. Amekosea.

Akaunti ilikuwa inasoma 3,200,000, kwa hiyo uchakavu uliotozwa ni 640,000 badala ya 600,000. Zile 40,000 za ziada lazima zirudi: debiti Limbikizo la uchakavu 40,000, krediti Gharama ya uchakavu 40,000. Faida inapungua kwa 200,000 na kupanda kwa 40,000, hivyo inashuka kwa 160,000. Hakikisha kwa kutazama mizania: mwanzoni pikipiki ilionyeshwa kwa 3,200,000 kutoa 640,000, yaani 2,560,000, sasa ni 3,000,000 kutoa 600,000, yaani 2,400,000. Tofauti ni 160,000 ileile. Pande mbili zimekubaliana.

Mstari unaotakiwa chini ya ukurasa wa wiki ya 10 ni huu: "Kosa likigusa mali, rudi wiki ya 6 uangalie uchakavu." Halafu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, fungua ukurasa wa wiki ya 6 uandike juu yake "tazama wiki ya 10". Kurasa za zamani hazijafungwa. Kila wiki mpya inawajibika kuziandikia jambo, na wiki ambayo hupati hata mstari mmoja wa kurudi nyuma ni wiki ambayo hujaielewa bado. Katika uhasibu sijaona mada isiyogusa ya nyuma yake, kwa sababu zote zinapita kwenye leja moja. Usuluhishi wa benki unarudi kwenye daftari la fedha. Deni lisilolipika linarudi kwenye akaunti za wadaiwa. Tafuta, utaipata.

Ukikosa wiki kwa ugonjwa au mitihani ya kati, usisimamishe kazi yote ili uifidie kwa ukurasa kamili. Andika nusu ukurasa wenye ingizo kuu na mfano mmoja, kisha uendelee. Pengo la wiki moja linazibika. Wanaosimama "mpaka nimalize ya nyuma" ndio hufika wiki ya 12 wakiwa na kurasa tano.

Usisubiri mpaka mwisho ndipo uunganishe. Baada ya wiki ya 5, ya 10 na ya mwisho, kaa na kurasa ulizonazo utengeneze ukurasa wa pamoja. Huu haufuati mpangilio wa wiki, unafuata maswali. Kwa hesabu za mwisho, chora jedwali la safu nne: rekebisho, linavyoingia kwenye taarifa ya faida na hasara, linavyoingia kwenye mizania, na wiki lilipofundishwa. Mstari wa kodi ya pango, kwa mfano: umelipa 2,400,000 tarehe 1 Oktoba kwa miezi 12, na mwaka wa hesabu unaishia 31 Desemba. Gharama ni ya miezi mitatu, 600,000. Zilizobaki, 1,800,000, ni mali ya muda mfupi kwenye mizania. Mstari mwingine uwe wa mshahara ambao haujalipwa: unaongezwa kwenye gharama, na kiasi hichohicho kinakuwa dhima ya muda mfupi. Ukishaweka mistari saba au minane namna hii utagundua kila rekebisho linaingia mara mbili, na kwamba anayekosea hukumbuka upande mmoja tu. Mizania isiyolingana mara nyingi inatokana na hapo, kwa hiyo ukiona haikulingana, anza kwa kuuliza ni rekebisho gani umeliandika mara moja.

Mwongozo ukishaundwa, ujaribu kwa pepa za miaka ya nyuma. Fanya swali zima ukiwa na kurasa za pamoja tu mezani. Kila unapolazimika kufungua daftari, weka alama kwenye mwongozo, kwa sababu hapo ndipo penye upungufu. Ongeza kinachokosekana, futa ambacho hukukigusa katika pepa tatu mfululizo. Mwongozo uliopita kwenye jaribio hili huwa na kurasa mbili au tatu. Ukiwa na kumi, bado una notisi. Raundi ya mwisho uifanye bila mwongozo kabisa, kwa muda ule wa chumba cha mtihani, kwa sababu kujua rekebisho linakwenda wapi na kulifikisha huko kabla saa haijakwisha ni vitu viwili. Mwongozo hauwezi kukupa wepesi wa mkono. Huo unatoka kwenye maswali.

Kwa wewe uliyeandika, na kwa wengine mnaosubiri sapu mkiwa na wiki tatu hivi: msianze kuandika kurasa 14 upya. Chukua swali moja la hesabu za mwisho, lifanye daftari likiwa limefungwa, na jibu lako ulitumie kuchora lile jedwali la safu nne. Mistari iliyokuja yenyewe iacheni. Kila mstari uliokwama utafutie wiki yake, na wiki hiyo tu ndiyo uiandikie ukurasa, ukianza safari hii na theluthi ya chini.