Kutoka mapokezi hadi umeneja: omba zamu ya usiku

"Niko mapokezi hoteli moja hapa Bamburi, mwaka wa nne sasa. Kila nafasi ya usupavaiza ikitokea analetwa mtu wa nje. Wenye uzoefu, nifanyeje nipande?"

Ndugu yangu, omba zamu ya usiku, ile ya kufunga hesabu. Wengi wanaikimbia. Mimi nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni Shanzu, nikahamia mapokezi, na miaka yote hiyo meneja alinijua kwa jina tu. Mambo yalibadilika nilipokaa usiku miezi 14.

Usiku ndipo hoteli inapojihesabu. Unalinganisha bili za baa na mkahawa na zilizoingia kwenye mfumo, unahakikisha kila chumba kimetozwa, kisha unafunga siku na kutoa ripoti ya meneja ya asubuhi. Wiki yangu ya tatu, mfumo ulionyesha vyumba 92 vina wageni, lakini orodha ya jioni ya wasafisha vyumba ilikuwa na 90. Nikafuatilia kimoja kimoja. Kumbe wageni wa vyumba viwili walihamishwa mchana kwa sababu ya viyoyozi vibovu, na aliyewahamisha alifungua vyumba vipya bila kufunga vya zamani. Wangetozwa mara mbili. Tofauti ikiwa kinyume, yaani chumba kina mtu na mfumo unasema kitupu, huenda pesa zinaishia mfukoni mwa mtu. Hilo mweleze meneja faraghani, usiliweke kwenye kundi la watsapu.

Kisha jifunze kuisoma hiyo ripoti. Kwenye usaili wa usupavaiza niliulizwa: Mei, masika yamekolea, wageni haba, tushushe bei? Nikaomba karatasi. Tuseme kwa shilingi 7,000 unauza vyumba 30, unapata 210,000. Ukishusha hadi 5,000 ukauza 48, unapata 240,000. Inaonekana umeshinda kwa 30,000. Lakini kila chumba kilichouzwa kina dobi, sabuni na kifungua kinywa, tuseme 1,500. Toa hiyo: bei ya juu inabaki na 165,000, ya chini 168,000. Umewachosha wafanyakazi kwa vyumba 18 zaidi ili upate 3,000, na Agosti wakala atakukumbusha ile bei ya Mei. Nikasema afadhali tubaki na bei yetu, tumwongezee mgeni chakula cha jioni usiku mmoja. Nafasi nikapewa.

Ila usiku usikuzoee. Wakubwa hawakuoni, kwa hiyo zamu ikiisha usikimbilie matatu ya Mtwapa. Subiri meneja afike, umkabidhi ripoti mkononi na umweleze kilichokwenda kombo, dakika tano zinatosha. Na diploma bado utaulizwa ukifika ngazi ya mkuu wa idara. Mimi yangu niliisomea misimu ya chini, saa za kazi zilipopunguzwa.