Swichi ya HDMI inayojibadili yenyewe: inachosikiliza ni volti, si picha

TV yetu ya sebuleni ina matundu mawili ya HDMI, na moja lilikufa siku umeme uliporudi kwa kishindo. Likabaki moja linalogombaniwa na vitu vinne: king'amuzi, mashine ya gemu ya kijana wangu, stiki ya kuangalizia sinema za mtandaoni, na laptopu yangu ya kazini. Tukawa watu wa kuchomoa na kuchomeka kila jioni, mpaka na hilo tundu lililobaki likaanza kulegea. Ndipo nilipokwenda Kariakoo kutafuta swichi.

Siku ya kwanza nilirudi na kitu kisicho swichi. Niliuziwa spilita, ambayo huchukua picha ya mashine moja na kuigawa kwenye TV mbili au zaidi. Kwa nje vinafanana, na muuzaji mwenyewe huenda havitofautishi, kwa hiyo soma maandishi pembeni mwa matundu: swichi ina IN nyingi na OUT moja. Spilita ni kinyume chake.

Siku ya pili nikapata swichi yenyewe, ya matundu matano, "otomatiki" kwa maelezo ya boksi. Ukiwasha kifaa, inakwenda kwake yenyewe. Nilifurahi kama siku mbili hivi.

Kilichofuata ni vurugu. Mtu anaangalia taarifa ya habari, dakika haijaisha tangu TV iwashwe, picha inahamia kwenye stiki. Unaizima mashine ya gemu ukitaka kurudi kwenye king'amuzi, unaletewa kioo cheusi. Mke wangu alisema kitu chenyewe kina mashetani. Mimi nikakaa chini Jumamosi moja nikitaka kujua kinaamuaje.

Ndani ya waya wa HDMI, mbali na nyaya za picha, umo mmoja unaobeba volti 5 kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye TV. Ni kama hodi: kifaa kinasema nipo. Swichi nyingi za bei ya kawaida husikiliza hodi hiyo tu. Anayepiga hodi mwisho ndiye anayepewa TV. Akiondoka, swichi inamtafuta mwingine ambaye volti zake bado zipo, na nyingi huanza kuhesabu kutoka tundu la 1. Kama huyo mwingine ana picha au amelala, haiulizi.

Tatizo ni kwamba vifaa vingi havizimiki kweli. Ukibonyeza rimoti taa inageuka nyekundu, lakini volti 5 zinaendelea kutoka. Kwa swichi, kifaa hicho kiko macho. Na kwa kuwa hakijawahi kuondoka, hata ukikiwasha tena hakipigi hodi mpya, kwa hiyo swichi haisogei.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Chomoa kila kitu kwenye swichi, bakiza kifaa kimoja. Kiwashe, angalia taa ya tundu lake kwenye swichi inawaka. Sasa kizime kwa rimoti, subiri kama dakika moja. Taa ikizimika, kifaa hicho hulala kweli. Ikibaki inawaka, hakilali. Rudia kwa kila kifaa na uandike majibu, maana mashine mbili za aina moja zinaweza kutofautiana kwa sababu ya mpangilio wa usingizi uliowekwa ndani yake. (Kuna swichi ambazo taa yake huonyesha tundu lililochaguliwa tu, si lenye volti. Hizo kipimo hiki hakizifai.)

Kwangu majibu yalikuwa haya. King'amuzi hakilali kamwe. Mashine ya gemu inalala ukiizima kabisa, lakini ukiiweka kwenye mapumziko inabaki macho. Laptopu inakata mara unapofunga kifuniko. Stiki nayo ndiyo ilikuwa mchawi mwenyewe: ilikuwa inapata umeme kwenye tundu la USB la TV, kwa hiyo kila TV ikiwashwa nayo inaanza kuamka, na ikishaamka inapiga hodi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitupora taarifa ya habari.

Dawa ya stiki ilikuwa chaja yake ya ukutani. Sasa ina umeme saa zote, volti zake hazikatiki, haipigi hodi tena. Tukiitaka tunabonyeza rimoti ya swichi. King'amuzi nikakihamishia tundu la 1, kwa sababu hicho ndicho tunachotaka kurudia kila kingine kinapoondoka, na kwa kuwa hakilali, swichi inakikuta hapo. Laptopu tundu la 2, mashine ya gemu la 3, stiki mwisho. Kijana ameambiwa aizime mashine kabisa akimaliza. Akisahau, picha inabaki kwenye kioo cheusi, na huo umekuwa ndio ushahidi wetu dhidi yake.

Umeme wa swichi yenyewe nao una mambo yake. Zile zisizochomekwa popote hula hizo hizo volti 5 za vifaa vyako, na kifaa kinalazimika kutoa kiasi kidogo sana, miliampia 55 tu. Ukiwa na waya mfupi utaona sawa. Ukiunga laptopu peke yake kwa waya wa mita tano, picha inaanza kukatika-katika na utadhani laptopu imeharibika. Nunua yenye tundu la umeme, hata kama kwa sasa huoni sababu.

Ukiniuliza leo nichague upya, kitu cha kwanza ningedai dukani ni uwezo wa kuzima huo uotomatiki. Baadhi zina kitufe cha AUTO kwenye rimoti, au hubadilika ukishikilia kitufe cha mbele kwa sekunde chache. Isiyo na njia yoyote ya kuizima ningeiacha, hata kwa nusu bei. Kuhusu 4K, kama TV yako ni ya 1080p usilipie. Kama ni ya 4K, tafuta iliyoandikwa 4K 60Hz, 18 Gbps na HDCP 2.2. Iliyoandikwa 4K peke yake mara nyingi inaishia fremu 30 kwa sekunde, na kwenye gemu utaiona.

Unapohama tundu, kioo huwa cheusi kwa sekunde chache. Hapo kifaa na TV vinatambuana upya na kukaguana kinga ya hakimiliki. Usibonyeze tena kwa pupa, kila ukibonyeza wanaanza salamu mwanzo.

Jingine ni ile huduma ya rimoti moja kuamuru vifaa vyote, ambayo kwenye TV huitwa Anynet+, SIMPLINK au BRAVIA Sync kutegemea na chapa. Kupitia swichi ya bei ndogo, vifaa vyote vinaweza kuonekana kwa TV kama vina anwani moja, na unaishia kuzima king'amuzi huku unaangalia laptopu. Mimi niliizima kwenye TV. Na kama una spika ndefu inayotumia tundu la ARC, lile la HDMI linalorudisha sauti kutoka TV kwenda kwenye spika, iunge kwenye TV moja kwa moja, kwa sababu swichi nyingi hazirudishi sauti. Kwa TV yangu hilo halikuwa swali: tundu lililokufa ndilo lilikuwa la ARC.