Sanskrini nyepesi kuliko krimu: ipi itangulie asubuhi?

Swali: Shikamoo daktari. Nina seramu ya maji yenye niasinamidi, krimu nzito ya siagi ya shea, na sanskrini SPF 50 ambayo ni laini, inatiririka kama maji. Nimeambiwa chepesi ndicho kinachotangulia, kwa hiyo napaka seramu, sanskrini, halafu krimu. Nikimaliza uso unatoa vijinyuzi vyeupe kama mabaki ya ufutio, na madoa ya chunusi hayafifii. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Anza na seramu, fuata na krimu, sanskrini iwe ya mwisho. Kanuni uliyoambiwa ni ya kweli, ila inahusu vitu vinavyopakwa ili viingie kwenye ngozi. Sanskrini kazi yake ni kubaki juu, kwa hiyo wepesi wake hauipi haki ya kutangulia.

Geuza chupa ya seramu usome viungo vyake. Huorodheshwa kwa kufuata wingi, na kwenye seramu ya aina yako jina la kwanza ni Aqua, yaani maji. Niasinamidi imeyeyuka ndani ya maji hayo, na ili ifanye kazi lazima igusane na ngozi yenyewe. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa zilizopangana kwa kubanana, na nafasi zilizo kati yake zimejaa mafuta ya asili. Niasinamidi hupenya hapo polepole. Sasa ukitanguliza krimu ya siagi ya shea, au mafuta ya mgando ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, unaweka utando wa mafuta juu ya mlango huo. Seramu ikija baadaye inateleza na kujikusanya matone matone. Maji yake yakikauka, niasinamidi inabaki imekaa juu ya mafuta. Kiasi kitapenya, lakini ni kidogo, tena huku zaidi na kule pungufu.

Ukigeuza mpangilio, tatizo hilo halipo. Krimu ni mchanganyiko wa maji na mafuta, hivyo hukaa vizuri juu ya ngozi yenye unyevunyevu wa seramu, na mafuta yake hupunguza kasi ya maji kutoka kwenye ngozi. Seramu nyingi zina gliserini au asidi ya hyaluroniki, viungo vinavyoshika maji. Ukiviacha bila kifuniko na kushinda kwenye ofisi yenye kiyoyozi, kufika mchana utahisi uso umekaza. Krimu juu yake ndiyo inayozuia hali hiyo.

Ndiyo maana uzito wa kitu mkononi unatumika kupanga zamu. Nyumbani huwezi kupima kiasi cha mafuta kilichomo, lakini vidole vinaweza kukisia: kinachotiririka mara nyingi kina maji mengi, na kinachobaki kimesimama kama kilivyochotwa mara nyingi kina mafuta au nta. Nasema mara nyingi kwa sababu vidole vinadanganyika. Zipo seramu za silikoni ambazo ni nyepesi na zinateleza vizuri sana, ilhali hazina maji kabisa. Utazitambua kwenye lebo: mwanzoni mwa orodha kuna majina yanayoishia na "cone" au "siloxane", na Aqua haipo. Seramu ya namna hiyo huja baada ya ile ya maji, hata kama kwenye kidole zinaonekana kulingana.

Sasa sanskrini. Vichujio vyake vya mionzi, viwe vya kikemikali au vya madini kama oksidi ya zinki, vinatakiwa vitandae juu ya ngozi vikiwa utando mmoja usio na matundu. Sanskrini yako inatiririka kwa sababu mtengenezaji ametumia vimiminika vinavyokauka haraka, ili kuipaka kusikuchoshe. Vikishakauka, kinachobaki usoni ni utando huo, na wepesi ulioushika chupani haupo tena. Ulipokuwa ukipaka krimu juu yake, mambo mawili yalitokea. Vidole vyako vilisugua utando kabla haujashika, na mafuta ya krimu yakaanza kuyeyusha vichujio na kuvihamisha, kwa kuwa vichujio vingi vya kikemikali huyeyuka kwenye mafuta. Sehemu nyingine zikabaki na kinga nene na nyingine hazina kitu. Kwenye kioo huwezi kuona tofauti hiyo.

Naamini hapo ndipo madoa yako yalipokwama. Niasinamidi hupunguza rangi inayohama kutoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda kwenye seli za juu. Jua nalo huziamsha seli hizohizo zitengeneze rangi zaidi. Ukiwa na seramu nzuri chini ya kinga yenye matundu, kinachopunguzwa upande mmoja kinaongezwa upande mwingine kila siku.

Wengine hukwepa suala la zamu kwa kuchanganya sanskrini na krimu kiganjani. Usifanye hivyo. Ukichanganya nusu kwa nusu umepunguza vichujio kwa nusu, na juu ya hapo umeharibu uwiano uliowezesha utando kushika. Namba 50 ilipimwa kwa sanskrini ikiwa peke yake, tena kwa kiasi cha miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Uso wa mtu mzima tuukadirie kuwa na sentimita za mraba 600. Hiyo ni miligramu 1,200, yaani gramu 1.2, karibu robo ya kijiko cha chai kwa uso peke yake. Shingo na masikio vina fungu lao. Watu wengi hupaka nusu ya kiasi hicho au chini yake, na hawapati kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Kwa sanskrini ya majimaji kama yako napendelea kuipaka mara mbili: nusu ya kwanza uso mzima, subiri ishike, kisha nusu ya pili. Ukimimina yote kwa pamoja itakimbilia kwenye taya.

Vile vijinyuzi vina sababu zake. Seramu za maji huongezwa viungo vya kuzifanya zivutike kidogo, kama gundi ya zanthani au kabomari, na vikikauka huacha utando mwembamba sana. Ukipaka seramu nyingi kupita kiasi, halafu ukasugua kitu chenye silikoni juu yake, utando huo unang'oka na kujiviringa. Unapoviona, fahamu kwamba sanskrini nayo imeviringwa humo, na mahali vilipotoka hapana kinga. Kuongeza sanskrini juu kutazidisha vijinyuzi. Nawa uso kwa maji, ukaushe kwa kuugusagusa na taulo, uanze upya.

Tuchukue asubuhi moja ya mtu anayetoka nyumbani saa moja na nusu. Saa moja kamili amenawa, uso una unyevunyevu kidogo. Anapaka matone mawili au matatu ya seramu, akiisambaza kwa viganja. Anasubiri kama dakika moja, mpaka uso usitiririke tena. Kisha krimu, kiasi cha punje ya harage kwa uso wote, akianza mashavuni ambako hukauka zaidi na kumalizia puani na kwenye paji. Hapa asiwe na haraka: krimu nzito inahitaji dakika tano hivi, na kipimo chake ni kuweka mgongo wa kidole shavuni. Ukiteleza, bado. Ukishika kidogo, tayari. Ndipo anapaka sanskrini kwa mafungu mawili, akiipitisha kwa mkono mwepesi bila kusugua huku na huku. Saa moja na robo amemaliza, na zimebaki dakika 15 kabla ya kukutana na jua. Dakika hizo ni muhimu, kwa sababu hata maabara wanapopima SPF huiacha ikauke kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kuwasha taa. Poda na vipodozi vingine vije baada ya hapo, kwa kugonga na si kwa kusugua.

Lakini kwa hali ya hewa ya Tanga nataka ufikirie kama krimu hiyo unaihitaji asubuhi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na sanskrini yenyewe, kama ilivyo kwa nyingi, huenda ina viungo vya kulainisha. Mtu mwenye ngozi ya mafuta na chunusi akipaka seramu kisha sanskrini, mara nyingi hiyo inamtosha, na siagi ya shea anaihamishia usiku ambako haigombani na chochote. Kama ngozi yako ni kavu, au unashinda kwenye kiyoyozi, krimu ibaki, ila tafuta iliyo nyepesi kuliko hiyo. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando yote nayaweka usiku. Asubuhi yanafanya sanskrini iteleze, na jasho likija inaondoka nayo.

Mpangilio huu haukuondolei kazi ya kurudia. Ukiwa nje juani, paka tena sanskrini kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitokwa jasho au ukijifuta. Huna haja ya kurudia seramu na krimu. Futa jasho kwa kitambaa kikavu kwa kugusa tu, kisha ongeza sanskrini peke yake. Na kwa kuwa tatizo lako ni madoa, chupa hii ikiisha angalia sanskrini yenye rangi inayokaribiana na ngozi yako. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, ambazo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Kwa ngozi nyeusi mwanga huo nao huongeza madoa, na sanskrini isiyo na rangi haiuzuii vya kutosha.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio dogo jioni ukiwa huna haraka. Mkono wa kushoto, upande wa ndani, weka seramu na sanskrini. Mkono wa kulia weka krimu na sanskrini. Sehemu nyingine ya mkono huohuo, juu kidogo, weka zote tatu kwa mpangilio niliokupa na kwa kusubiri vilevile. Baada ya dakika 15 pitisha kidole mara moja kwenye kila sehemu. Vijinyuzi vikitoka kushoto, seramu na sanskrini hazipatani: punguza seramu iwe tone moja kwa uso wote, na vikiendelea, badilisha mojawapo. Vikitoka kwenye krimu na sanskrini, krimu ndiyo ya kuhamia usiku. Vikitoka pale penye zote tatu tu, vitu vyako ni vizima ila tabaka zimekuwa nene mno, basi punguza krimu kwa nusu na uongeze muda wa kusubiri. Kiasi cha sanskrini usikiguse.