Safu ya Shangazi: Mume wangu alifokewa mbele ya watu, ningemwandikia nini?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tabora, na mume wangu ni mtunza ghala Kigoma, karibu na bandari. Wiki iliyopita mifuko 11 ya saruji haikuonekana, na bosi wake akamfokea mbele ya makuli na wateja kutoka Bujumbura kwamba hata mtoto wa chekechea anajua kuhesabu kumshinda, kisha akasema fedha itakatwa kwenye mshahara. Jioni mume wangu aliniandikia: "Leo nimeaibishwa mbele ya watu. Sitaki kuongea." Nikaandika hivi: "Pole sana. Usijali, Mungu yupo. Ila na wewe uwe makini na hesabu. Wangapi hawana hata hiyo kazi? Huyo bosi wako mshenzi tu, nitampigia mimi. Ilikuwaje hasa? Nipigie sasa hivi." Nikaogopa, nikaufuta, nikatuma "pole" peke yake. Alijibu kesho yake mchana, "sawa", na tangu hapo hatulizungumzi jambo hilo. Ningeandika nini? Na sasa nifanyeje, maana mwisho wa mwezi unakaribia?*

*Mama wa wawili, Cheyo, Tabora*

Marahaba, mwanangu. Kuufuta ujumbe ule ulifanya vyema, ingawa nakiri kwamba "pole" peke yake ilikuwa ndogo kwa mzigo aliokuwa nao mwenzio. Nitaanza na ujumbe uliofutwa, kwa sababu ndani yake yamo karibu makosa yote ambayo wake na waume huyafanya kwa nia njema katika saa kama ile.

Neno "usijali" linamwambia mtu kwamba anachohisi hakistahili kuhisiwa. Kuhusu Mungu, mumeo anajua kwamba yupo, na huenda angekutajia mwenyewe kabla ya kulala. Lakini anapotajwa katika mstari wa kwanza na mtu mwingine, mazungumzo huwa yamefungwa kwa heshima, kwani nani atajibu nini baada ya hapo? Hata hivyo, hayo ni madogo. Kosa kubwa lilianzia kwenye "ila". Kuambiwa awe makini na hesabu ndicho alichokuwa ameambiwa mchana kutwa, tena kwa sauti kubwa na mbele ya mashahidi, na wewe ungelirudia jioni kwa sauti ya chini ungekuwa umesimama upande wa bosi bila kukusudia. Ndivyo ilivyo pia kwa swali la wangapi hawana kazi. Fikiri kidogo: kwa nini mumeo hakumjibu yule bosi pale pale? Alinyamaza kwa sababu alikumbuka ada, kodi ya nyumba na hao watoto wawili. Hoja ya kwamba kazi ni adimu ndiyo iliyomfunga mdomo, kwa hiyo kuikumbusha jioni hiyo hiyo ni kumkaza kamba iliyomfunga mchana.

Kumtukana bosi kunaonekana kama kumtetea mume, nami najua kulikuwa na utamu wake wakati unaandika. Lakini kesho yake asubuhi mumeo alipaswa kumwamkia mtu yule yule na kupokea funguo za ghala mkononi mwake. Watu hao wawili wakipatana baada ya wiki mbili, tusi lako litabaki ndani ya simu, na atakayeona haya kulisoma upya ni mumeo. Ama lile la kumpigia bosi simu, ninakuomba usilirudie hata kwa mzaha. Mtu mzima aliyeambiwa hajui kuhesabu akitetewa kwa simu na mkewe kutoka Tabora, makuli wa Kigoma watakuwa na hadithi ya kuwapeleka mpaka Krismasi.

Na "ilikuwaje hasa?" pia ina madhara yake. Ulitaka kuelewa, na hilo ni haki yako, lakini kwa mtu aliyetoka kuhojiwa swali hilo linamsimamisha kizimbani mara ya pili katika siku moja, tena mbele ya mtu ambaye heshima yake anaihitaji kuliko ya wote.

Kazi ya ujumbe wa usiku wa kwanza ni ndogo kuliko unavyodhani. Hauponyi, haufundishi, wala hautafuti ukweli wa ile mifuko. Unamjulisha tu kwamba umekiona kilichomuuma, kwamba heshima yake kwako haijapungua, na kwamba hadaiwi jibu. Mimi ningeandika hivi:

"Baba watoto, nimepata ujumbe wako. Watoto wamekula, wote wazima. Jambo la leo limeniuma na mimi, hasa kwa kuwa lilifanyika mbele ya watu unaowasimamia. Wewe ninayekujua ndiye uliyerudi mpaka soko la Mwanga kwa miguu kurudisha chenji iliyozidi. Usijibu usiku huu, pumzika. Kesho saa mbili usiku nitapiga ili watoto wakusalimie. Mengine tutaongea siku utakayopenda wewe."

Habari ya chenji nimeibuni, na wewe utaweka tukio lako la kweli, lakini ulichague kwa uangalifu. Sifa ya jumla, kama vile "wewe ni mume bora", haimfikii mtu aliyeumia, kwa sababu anajua ungeisema hata kama si kweli. Tukio analolikumbuka mwenyewe hawezi kulipinga. Liguse mahali pale pale alipopigwa, yaani uaminifu na umakini wake. Kumsifia kwa ucheshi wake siku hiyo kungekuwa kumpaka dawa mguuni wakati jeraha liko mkononi. Wakati huo huo usiandike "najua hukukosea", kwa maana wewe hukuwapo ghalani. Ikiwa ataligundua kosa kweli katika daftari lake siku ya tatu, sentensi hiyo itamfanya akufiche.

Angalia pia jinsi ujumbe unavyoanza. Simu nyingi huonyesha maneno ya mwanzo kwenye kioo hata zikiwa zimefungwa, na mumeo huenda alikuwa ameketi na wenzake kwenye kahawa, simu ikiwa mezani. Ujumbe unaoanza na "Pole kwa kufokewa" ungesomwa na jirani yake kabla yake, ndiyo maana wangu umeanza na watoto. Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri kutuma ujumbe wa sauti, kwani anaweza kuufungua kwa haraka na ukasikika baraza zima.

Utauliza kwa nini nimechanganya chakula cha watoto na jambo zito kama hilo. Mwaka 2000 mtafiti Niall Bolger na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya wapenzi ambao mmoja wao alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa uwakili wa New York, kila mmoja akiandika shajara yake kila siku. Msaada uliomtuliza mtahiniwa zaidi ulikuwa ule ambao mwenzake aliandika kuwa ameutoa, huku mtahiniwa mwenyewe akiwa hakuutambua kama msaada. Msaada unaoonekana wazi una gharama yake, kwa kuwa humkumbusha anayeupokea kwamba ameonekana dhaifu. Mumeo alikuwa ameshaonekana dhaifu mchana ule na hakuhitaji kukumbushwa. Ndiyo maana simu ya kesho yake imewekwa kwa jina la watoto: anapata sauti za nyumbani, naye anabaki kuwa baba anayesalimiwa, si mgonjwa anayetazamwa.

Kuhusu ukimya wake, kujibu "sawa" baada ya usiku mmoja hakumaanishi kuwa amekukasirikia. Wengi hunyamaza mpaka maneno yaliyosemwa yaache kujirudia masikioni. Ungepaswa kuwa na wasiwasi kama angeacha kula au kwenda kazini, angeanza kunywa kuliko kawaida, au angetamka kwamba hakuna haja tena ya kuishi. Neno kama hilo likitoka, weka ujumbe kando: mpigie mwenyewe na kumwuliza wazi kama anafikiria kujidhuru, na wakati huo huo mwombe ndugu au rafiki wa karibu aliyeko Kigoma aende akae naye usiku ule ule na amfikishe hospitali.

Sasa tuje kwenye siku hizi mlizomo. Jambo limelala katikati yenu bila kuzungumzwa, na wewe ndiye utakayeligusa, mara moja tu, wakati wa mazungumzo ya kawaida na watoto wakiwa hawapo. Mwambie: "Siku ile nilikutumia pole tu kwa sababu nilikosa maneno. Ukitaka kunisimulia nitasikiliza, na usipotaka si neno." Kisha rudi kwenye habari nyingine. Akianza kusimulia, mwache amalize, hata akirudia sehemu moja mara tatu, na kabla ya kutoa wazo lolote mwulize kama anataka mfikirie pamoja la kufanya au anataka tu kusikilizwa. Swali hilo limeokoa jioni nyingi katika barua ninazoletewa.

Akitaka kufikiria la kufanya, hapo ndipo suala la fedha lina nafasi, na ni vyema ulijue vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kutamka tu mbele ya makuli. Hasara lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri amweleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipiga hesabu. Ampe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kwa hiyo mumeo aombe maelezo hayo kwa maandishi, kwa lugha ya upole, kabla ya siku ya mshahara, na atunze nakala za karatasi za kupokelea na kutolea mzigo wa siku ile. Mifuko 11 inaweza kuwa imepotea wakati wa kupakua, wakati wa kupakia botini, au katika kalamu ya aliyeandika, na karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha ni wapi. Akisema anataka kuacha kazi kesho, usimpinge wala usimshangilie; mwombe tu asiandike barua yoyote mpaka karatasi hizo ziwe zimelinganishwa.

Mwisho, suala la nani ajue. Hukuniambia kama umewasimulia mashemeji, nami naomba iwe bado. Dada yake akimpigia pole ambayo yeye hakuiomba, atajua habari imetoka Tabora, na safari nyingine hata ile sentensi moja ya jioni hutaipata. Aliyeaibishwa mbele ya watu aachiwe yeye kuchagua ni nani mwingine atakayejua.