Kuchelewa kujibu imeili za Kiingereza: samahani inaanzia siku ya ngapi?

"Wakuu, kuna mteja wa Uingereza kaniandikia imeili toka wiki iliyopita na mpaka leo sijamjibu. Naombaje samahani kwa Kiingereza bila kuonekana najikomba? Na kwani kuchelewa kunaanzia siku ya ngapi?"

Mkuu, mimi niko upande wa bukingi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, kutwa nzima nashinda na imeili za Waingereza na Wamarekani, kwa hiyo nakupa ninachokiona kazini.

Imeili ya kikazi ukiijibu kesho yake hujachelewa, na hata ikiwa keshokutwa bado uko ndani, wala usianze na sorry, ingia moja kwa moja kwenye jibu. Ikifika siku ya tatu ya kazi mpaka kama wiki hivi, weka mstari mmoja tu wa samahani. Ikipita wiki, mstari huohuo uongezee sababu, fupi. Ikipita mwezi hapo ni habari nyingine, inabidi ukubali kwamba huenda mwenzio alishamaliza shida yake kwingine, unaandika kitu kama "I realise this may no longer be useful" alafu unampa jibu hivyo hivyo. Ila haya yote yanategemea anasubiri nini. Mtu aliyeuliza bei ya safari ya mwakani anaweza kukaa siku tatu bila presha, lakini mtu ambaye hela yake imekatwa mara mbili kwenye kadi, au ndege yake inatua KIA kesho na hajui nani anampokea, huyo masaa matano ni mengi sana na samahani anastahili.

Kitu ambacho watu wengi hawakipigii hesabu ni kwamba siku zinahesabiwa kwa kalenda na saa ya yule anayesubiri, sio zako. Chukua mteja wa New York mwezi wa saba, wako nyuma yetu masaa saba. Kaandika Ijumaa saa kumi na moja jioni anafunga ofisi, kwetu hiyo ni saa sita usiku kuamkia Jumamosi. Wewe unaiona Jumatatu asubuhi, unajibu saa tatu, kwake ni saa nane usiku, akiamka anakuta jibu lako liko juu kabisa. Kwake yeye umejibu siku ya kazi iliyofuata! Sasa ukianza na "Sorry for the late reply" unamwambia umechelewa wakati yeye hata hakuwa amewaza hivyo. Uingereza ni rahisi zaidi, tofauti ni masaa mawili wakati wa kiangazi chao na matatu wakati wa baridi. Na sikukuu pia, Jumatatu ya Pasaka Mwingereza yuko mapumziko kama sisi, ila Mmarekani yuko kazini anakusubiri. Idi ndo wengi wao hawajui kama tumefunga, hapo huombi samahani, unamtaarifu tu: "Our office was closed Thursday and Friday for Eid."

Sasa samahani yenyewe. Nikupe mfano wa juzijuzi. Mama mmoja wa Uingereza aliandika Jumatatu, watu wazima wawili na watoto wawili, anataka Ndutu mwezi wa pili nyumbu wanapozaa, na anataka hema la familia ili watoto wasilale peke yao. Dogo wetu wa ofisini akawa anasubiri kambi ithibitishe lile hema, kambi ikakaa kimya, jibu likaja Jumatano ya wiki iliyofuata. Rasimu ya dogo ilianza hivi:

"I am very very sorry for late reply. We had network problem and my colleague was sick and also the camp did not answer us on time. Kindly forgive us for the inconvenience caused."

Tatizo sio kwamba imekosa adabu, adabu imejaa. Kwetu ukichelewa unaeleza yote, mtandao, mgonjwa, msiba, ndo heshima yenyewe, na anayesikiliza anakupa pole. Mwingereza akisoma sababu tatu kwenye mstari mmoja anahisi hata moja sio ya kweli. Alafu hiyo forgive ni nzito mno, ni ya mtu aliyemuumiza mwenzie, sio ya bei iliyochelewa. Na mbaya zaidi, bei ambayo mama wa watu anaisubiri muda wote huo ilikuwa huko chini aya ya nne, na mwisho kabisa kabla ya jina dogo akaomba samahani tena. Tukaibadilisha ikawa:

"Sorry for the delay in getting back to you. I was waiting for the camp to confirm the family tent, and they now have. It is free on your dates, and I have asked them to hold it for you until Friday week."

Baada ya hapo bei, basi. Angalia samahani ni moja, sababu ni moja na ni ya kweli, na jibu linaanza mstari uleule. Ila mimi naona kilichofanya kazi zaidi ni hapo mwisho, tumemrudishia muda, maana Friday week kwa Mwingereza ni Ijumaa ya wiki inayofuata, sio hii ya keshokutwa. Yeye kasubiri wiki na zaidi, sasa ungempa siku mbili za kuamua ungekuwa unamkimbiza kwa uchelewaji wako mwenyewe. Alijibu "No problem at all" na akahamia kwenye maswali ya viti vya watoto kwenye gari.

Na hii yote ingeweza kuepukwa kama dogo angemtumia mistari miwili siku ileile ya Jumatatu: "Thank you, I have your request. I am checking the family tent with the camp and will write to you by Thursday." Alhamisi ikifika hujapata kitu unaandika tena, hata kama ni kusema bado. Mtu aliyeambiwa asubiri anasubiri vizuri tu, anayetafuta kampuni nyingine ni yule aliyeachwa kimya hajui kama imeili ilifika. Hapo ndo "Thank you for your patience" inapofaa pia, kwa mtu uliyemwambia asubiri. Ukimwandikia mtu uliyempotezea wiki nzima bila neno anakasirika, maana uvumilivu haukuombwa.

Wakichelewa wao wakakuomba samahani, jibu "No problem at all" au "No worries". Usiandike "Never mind" ukidhani ndo usijali, anaweza kuelewa kwamba umeshaacha hiyo biashara.

Kwa WhatsApp ya kazi mimi nahesabu siku ileile, hasa mteja akiwa tayari yuko nchini, na hapo "Sorry, only just seen this" inatosha kama kweli ndo umeiona sasa hivi. Tiki za bluu zinaonyesha, kwa hiyo kama uliifungua asubuhi usiandike hiyo.

Wewe mteja wako ni wa wiki iliyopita, kwa hiyo mstari mmoja wa samahani na sababu moja. Kama jibu lake unalo tayari, litume leo mchana huu kabla hawajafunga ofisi. Kama huna, andika leo unalifuatilia na taja siku utakayomjibu, na hiyo siku iweke mbali kidogo kuliko unavyodhani utahitaji, maana ukiikosa na hiyo hakuna Kiingereza kitakachokusaidia.